Nilivyosahihisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye ombi langu la kazi

Barua pepe ya kuitwa kwenye usaili ilinikuta ndani ya daladala, narudi Mbagala. Nilifurahi dakika moja tu. Jina la baba yangu, Athumani, lilikuwa limeandikwa "Athumai", na mbele yake tarehe ya kuzaliwa ikasomeka 11 Aprili 1996. Mimi nimezaliwa tarehe 4 Novemba.

Nilipofika nyumbani nilifungua nakala ya fomu niliyokuwa nimeihifadhi. Jina nilikuwa nimelijaza sawasawa, kwa hiyo kuna mtu wa ofisini aliyelichapa upya kwenye orodha ya wasailiwa akaangusha herufi. Tarehe ndiyo nilijiponza mwenyewe. Kwenye kile kisanduku palikuwa na maandishi ya kijivu, mm/dd/yyyy, yaani mwezi kwanza, siku baadaye. Mimi nikaandika 04/11/1996 kama tulivyozoea. Laiti ningezaliwa tarehe 13 au zaidi, mfumo ungegoma, maana mwezi wa 13 haupo. Sisi wa tarehe za mwanzo unatupokea kimya kimya.

Kuingia na kubadilisha haikuwezekana, dirisha la maombi lilikwishafungwa. Nikaandika barua ya ukurasa mzima: nimesikitika, fomu inachanganya, naomba msinifikirie vibaya. Shemeji yangu, ambaye ameshafanya kazi ya utumishi, aliisoma akacheka. "Shemeji, karani ana majina mia mbele yake. Mwambie kilichoandikwa, kinachotakiwa, na ushahidi uko wapi. Basi." Tukakata mpaka ikabaki hivi:

"Kichwa: Marekebisho ya jina na tarehe ya kuzaliwa, ombi namba (nikaweka namba yangu)

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Taarifa zangu mbili zina makosa:

Jina la mwisho limeandikwa Athumai. Sahihi ni Athumani.
Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 11 Aprili 1996. Sahihi ni 4 Novemba 1996. Kosa hili ni langu, niligeuza siku na mwezi nilipojaza fomu.

Nimeambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho cha NIDA. Naomba mrekebishe kwenye orodha ya usaili na kwenye mfumo, kisha mnijulishe.

Ahsante."

Mwezi niliuandika kwa herufi makusudi. Ningeandika tena 04/11, tungerudi palepale. Kitambulisho cha NIDA nacho kilinisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo za namba yake ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia: yangu inaanza na 19961104. Karani akiitazama hana cha kubishana. Shemeji alitaka nitaje na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Nilikataa. Hilo ni la kusema ukinyimwa, si siku ya kwanza.

Kesho yake nikajibiwa: "Imerekebishwa." Siku ya usaili mlinzi wa getini alilinganisha orodha na kitambulisho, nikapita bila maswali.

Wiki tatu baadaye nikaletewa rasimu ya mkataba. Jina safi, tarehe, 11 Aprili. Walikuwa wamesahihisha orodha ile tu, na mkataba ulivuta taarifa kutoka kwenye mfumo, ambako kosa langu lilikuwa limekaa vilevile. Sikusaini. Nilijibu juu ya barua pepe ileile ya mwanzo, ili ushahidi na lile jibu lao "imerekebishwa" vionekane pamoja, nikaongeza sentensi mbili: "Orodha ilirekebishwa, ila mfumo bado una 11 Aprili 1996, na ndiyo iliyoingia kwenye mkataba. Naomba irekebishwe kuwa 4 Novemba 1996 kabla sijasaini." Safari hii niliomba pia wanitumie picha ya ukurasa wa taarifa zangu baada ya kubadilisha. Walituma.

Kwangu ilikuwa rahisi kwa sababu cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na NIDA vinasema kitu kimoja. Binamu yangu alijaribu kunakili ujumbe wangu akakwama: cheti chake cha shule kina Athumani, NIDA ina Athuman, bila i. Ofisi aliyoomba ikamjibu kwamba haiwezi kuchagua ipi ni sahihi. Ilibidi aende kwa wakili akaape kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, akakiambatanisha, na hata hapo wakamtaka aanze kushughulikia marekebisho NIDA. Mpaka sasa anafuatilia.

Mimi mkataba nilisaini Jumatatu iliyofuata, baada ya kusoma mstari wa tarehe mara tatu.