Bwawa lisilo la kuogelea

Alhamisi, usiku.

Leo nimemaliza kutafsiri kurasa nne za ratiba kwa Kiitaliano kwa ajili ya vikundi vitakavyotoka Malindi kwenda Tsavo Mashariki, siku mbili na usiku mmoja kambini. Kurasa nne tu, nazo zimenila tangu asubuhi. Muda mwingi umeishia kwenye maneno ambayo nimeyatamka tangu utotoni bila kuyafikiria.

Ratiba ilianza hivi: "Siku ya kwanza: safari ya saa tatu hadi lango la Sala." Tafsiri ya zamani, niliyopewa ili inisaidie, ilisema *Tre ore di safari*. Sasa Mwitaliano akisoma *safari* haoni barabara, anaona simba. Neno letu lilipofika kwao lilimwaga mizigo yote njiani, likabaki na wanyama peke yao. Ndiyo maana wageni wa msimu uliopita walipita Langobaya wakiwa wamesimama garini, kamera mikononi, na walichokutana nacho ni mbuzi na bodaboda. Walilalamika kwa maandishi. Mwendo wa kufika mbugani kwao ni *trasferimento*, basi.

Lakini hiyo saa tatu je? Ni muda wa njiani au ni wakati wa kuondoka? Sentensi inakubali yote mawili. Kama ni kuondoka, kwa Mwitaliano ni 9.00, kwa kuwa anahesabu kuanzia usiku wa manane. Nikampigia dereva.

"Shikamoo mzee. Hii saa tatu ni ya asubuhi?"

"Marahaba mwanangu. La, hayo ni masaa ya barabarani. Kutoka tunatoka kumi na moja alfajiri, tukifika lango lishafunguliwa kitambo."

Masaa! Mwalimu wangu wa Kiswahili alilikata neno hilo kwa wino mwekundu kila alipoliona. Leo lingeniokolea simu nzima. Nikaandika *Partenza alle 5.00* kisha *circa tre ore di trasferimento*.

Nikimaliza ratiba huwa naisoma siku yote kwa tarakimu tupu, kwa mpangilio wake. Saa sita ya chakula ikibaki 6.00, kosa linajionyesha lenyewe, kwani hakuna anayekula mchana kabla jua halijapanda. Hatari ni saa kumi. Ukiandika 10.00 badala ya 16.00 hakuna atakayeshtuka, ni saa nzuri tu ya kuzunguka mbugani. Utaigundua pale tu utakapoona mzunguko wa baada ya chakula umetangulia chakula.

Kisha yakaja maelezo ya kambi: "Kambi ina bwawa. Jioni wageni hukaa barazani wakilitazama." Kidole kilishaandika *piscina* ndipo nikajiuliza, nani hukaa jioni nzima akitazama watu wakiogelea? Nikauliza kambini. Ni bwawa la wanyama, maji yake hupampiwa wakati wa kiangazi, na tembo huja kunywa. La kuogelea hawana. Fikiria mgeni aliyefunga nguo za kuogelea kwenye begi! Na kwa kundi lililonunua safari iliyofungashwa pamoja huko Italia, hilo si la kucheka. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015, maelezo ya huduma kuu aliyopewa mteja kabla ya kusaini huingia kwenye mkataba. *Piscina* ingekuwa ahadi.

*Abbeveratoio* nililiacha, linanukia hori la ng'ombe. Nikachagua *pozza d'abbeverata*, dimbwi la wanyama kunywea, na mbele yake nikaweka *nella stagione secca*, wakati wa kiangazi, maana mvua zikinyesha maji yako kila mahali na tembo hawana haja ya kuja barazani kwa mtu.

Ya kuvutia? Mteja alitaka "maneno matamu". Kiitaliano cha matangazo kinayo tele, *mozzafiato*, *incantevole*, na msomaji ameyazoea hadi hayasikii tena. Nimeona utamu uko kwenye jambo lenyewe. Ratiba ilisema jenereta huzimwa saa nne usiku. Mwingine angelificha. Mimi nimeandika kwamba saa 22.00 jenereta hunyamaza, na mgeni hubaki na nyota na sauti za wanyama wanaokunywa. Na tembo "wekundu" nimewaongezea kwamba ni vumbi la udongo wa Tsavo, wasije wakadhaniwa ni aina nyingine.

Siku ya pili wanatokea mji wa Voi, na *Voi* kwa Kiitaliano ni "ninyi". "Kuondoka Voi" ingesomeka "kuondoka kwenu". Nikatanguliza *cittadina di*, yaani mji mdogo wa, nikacheka peke yangu.

Jioni dereva alinipigia kuuliza nimeandikaje. Nikamweleza kwamba kwa wageni wake safari ni kutazama wanyama tu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mimi nikienda Mombasa kumzika shemeji, si safari?"

"Si safari, mzee."

"Haya," akasema, akakata simu.