Nilivyoandika tangazo la kazi la madereva bila kuificha foleni ya Kasumbalesa

Siku bosi aliponiita ofisini kwake, mezani alikuwa na tangazo la kampuni nyingine ya malori. Picha ya kichwa cha lori kipya cheupe, dereva kavaa miwani anacheka, na chini yake maneno ya kukaribisha watu kwenye "familia". Akanisogezea. "Mama, na sisi tuandike kitu kama hiki. Watu wajue kwetu kazi ni nzuri."

Mimi ni afisa rasilimali watu wa kampuni ya malori hapa Dar es Salaam. Magari yetu yanachukua mzigo bandarini, yanapita Tunduma, yanakata Zambia nzima na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, kisha yanarudi na shaba. Waombaji hatujawahi kukosa. Ukibandika karatasi getini leo, kesho asubuhi kuna watu 60 wenye leseni mkononi. Shida yetu ilikuwa wanaoingia hawakai. Mwaka ule tulikuwa tumeajiri madereva 22, na 9 kati yao waliacha kabla ya kumaliza miezi mitatu. Kila anayeondoka anaacha lori limelala yadi, na mimi naanza upya kukagua leseni, kupanga jaribio la barabarani na kufuatilia pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nikamwomba bosi aniache kwanza niwapigie simu wale 9. Walipokea 7. Niliwauliza swali moja tu: ulikuta nini huko ambacho hatukukuambia?

Nilitegemea wataje mshahara. Hakuna aliyeutaja. Mmoja, mtu mzima wa Morogoro, alinijibu taratibu kama anayemwelekeza mtoto njia. "Dada, mshahara mlinieleza ukweli. Lakini mlisema safari ni wiki mbili. Mimi nimekaa kwenye foleni ya Kasumbalesa siku 11, napika ugali chini ya tela, na posho yenyewe ilishaisha kabla sijaufikia mpaka."

Wiki mbili zilitoka wapi? Zilitoka kwetu, na mimi mwenyewe nilikuwa nazisema kwenye kila usaili. Ni hesabu ya karatasi: Dar hadi Lubumbashi ni kama kilomita 2,000, lori linakwenda kilomita 400 au 500 kwa siku, weka siku chache za kupakia na kushusha, umemaliza. Hesabu hiyo haina mpaka hata mmoja ndani yake.

Nikashuka kwa watu wa uendeshaji nikaomba kumbukumbu za safari 40 za mwisho, tarehe lori lilipotoka yadi na tarehe liliporudi. Nikazipanga kuanzia fupi hadi ndefu. Fupi kuliko zote ilikuwa siku 15. Ndefu kuliko zote, siku 41. Ya katikati, siku 24. Na safari 4 zilikuwa zimepita siku 35.

Bosi alitaka wastani. Wastani ulikuwa siku 26, lakini nilimwambia namba hiyo haimsaidii dereva. Anachotaka kujua ni vitu viwili: safari ya kawaida inachukua muda gani, na mambo yakiharibika yanaharibika kiasi gani. Kwa hiyo niliandika kwamba nusu ya safari huisha ndani ya siku 24, na safari 1 kati ya 10 huzidi siku 35. Mtu mwenye mke mjamzito anaweza kuamua kwa sentensi hiyo.

Nilipoanza kuandika upande wa mazuri ndipo mambo yalipokuwa magumu. Sifa yetu kubwa ilikuwa posho ya safari, shilingi 600,000, unalipwa yote kabla ya kutoka getini. Kuna kampuni dereva anaondoka na nusu, kwa hiyo tulijivunia. Sasa igawanye. Kwa siku 14 tulizokuwa tunazitangaza ni karibu 43,000 kwa siku, na kwa hela hiyo unakula, unaoga na unapumzika kibinadamu. Kwa siku 24 inakuwa 25,000. Kwa yule wa siku 41 haifiki 15,000, na sehemu ya hela hiyo inaliwa Zambia na Kongo kwa kubadilisha fedha kwa bei ya barabarani. Posho ni ileile. Foleni ndiyo iliyokuwa inaila, na sisi tuliitangaza bila kuitaja foleni.

Na foleni haikuishia kwenye posho. Kwetu dereva hupewa mafuta kwa hesabu ya njia, na akirudi na upungufu, shoti kama wanavyoiita, anakatwa. Lakini ukikaa wiki nzima unawasha injini, unasogea mita 20, unazima, unawasha tena, mafuta yanakwenda bila kuiba hata lita. Nilikuta watu wawili kati ya wale 9 walikatwa shoti yote kwa mpigo mmoja kwenye mshahara wa kwanza. Hapo ikabidi nifungue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na haya usoni yakanijia, kwa sababu hii ni kazi yangu na nilipaswa kujua. Sheria inataka makato ya hasara yawe na makubaliano ya maandishi, hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe maelezo ya kiasi na jinsi kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sisi tulikuwa tunapiga kalamu tu.

Nikarudi kwa bosi na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa rasimu ya tangazo, ya pili mambo ambayo siwezi kuyaandika yakiwa kama yalivyo. Nilimwambia, mzee, kuhusu foleni naweza kusema ukweli na mtu akaja. Kuhusu shoti, nikisema ukweli tunajishitaki wenyewe, na nikikaa kimya wanaoacha wataendelea kusimulia vijiweni.

Meneja wa uendeshaji aliruka. "Ukiandika siku 35 hakuna mtu atakuja hapa!" Nikamuuliza ni wangapi walikuja mwaka ule, akasema wengi. Nikamuuliza wako wapi. Tulinyamaza wote kidogo, maana jibu lilikuwa linaonekana dirishani, malori matatu yamelala yadi bila dereva.

Mabishano yalichukua karibu wiki mbili na sitayasimulia yote. Bosi alikubali kwamba kuanzia siku ya 4 ya kukaa mpaka wowote dereva atatumiwa 20,000 kwa siku kwenye simu yake. Shoti itaandikiwa maelezo, dereva atajibu, na foleni itahesabiwa kabla ya mtu kuitwa mwizi. Alichokataa ni kulipia siku za kusubiri kupakia shaba mgodini. Alisema hawezi, mteja hamlipi. Sawa, nikasema, basi na hilo naliandika.

Sehemu iliyomfanya akunje uso ilisomeka hivi:

"Safari zetu za Kongo: nusu huisha ndani ya siku 24, safari 1 kati ya 10 huzidi siku 35. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni foleni za mipakani. Posho ni 600,000, unalipwa yote kabla ya kuondoka. Kuanzia siku ya 4 ya kukaa mpakani unaongezewa 20,000 kwa siku. Siku za kusubiri kupakia mgodini hatuzilipii kwa sasa. Ukiwa na jambo la nyumbani linalokutaka kila wiki, njia hii haitakufaa."

Alitaka kufuta sentensi ya mwisho na ile ya mgodini. Aliposoma mara ya tatu akasaini, ila kalamu aliibamiza.

Upande wa mazuri niliupunguza sana. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mkataba wa maandishi, NSSF na likizo ya siku 28. Hivyo ni vitu vya kisheria, na dereva mzoefu akiona unavitangaza kama zawadi anajiuliza huko kwingine mmezoea nini. Nilivibakiza mstari mmoja. Kisha nikawauliza madereva watano waliokaa kwetu zaidi ya miaka minne kwa nini hawajaondoka. Majibu yao nisingeyabuni mwenyewe. Wawili walisema matairi: hakuna aliyewahi kulazimishwa kuushuka Mlima Kitonga na tairi lililoisha. Mwingine alisema simu ya usiku inapokelewa. Alikatikiwa na propela shafti saa nane usiku baada ya Mpika, akapiga, akapokelewa na mtu aliyeamka kweli, na fundi akatafutwa usiku uleule. Tukaandika matairi na simu ya usiku, na tukaeleza nani huwa na zamu.

Picha ya dereva wa miwani hatukuiiga. Tulitumia picha aliyoipiga dereva wetu mwenyewe, safu ya matela hadi macho yanapochoka na sufuria juu ya jiko la mkaa pembeni. Alikubali kwa maandishi, nasi tukakata namba za magari ya watu wengine.

Getini walikuja 31 badala ya 60. Mama mmoja alipiga simu kuuliza kama siku 35 ni kweli, kwa sababu mumewe alitaka kuomba. Nikamwambia ni kweli. Akashukuru, na mume hakuja. Tuliajiri 8, na miezi mitatu ilipotimia 7 walikuwepo. Sisemi ni tangazo peke yake. Nane ni watu wachache, na nyongeza ya mpakani ilianza wakati uleule, kwa hiyo siwezi kutenganisha kipi kilifanya nini. Ninachojua ni kwamba kwenye simu za waliochelewa nilianza kusikia malalamiko ya aina nyingine. Hakuna aliyesema tulimdanganya.

Hadi mwezi wa tano. Dereva mmoja wa wale 8 alirudi, akaegesha, akaja moja kwa moja ofisini kwangu bado na vumbi. Alifungua simu akanionyesha tangazo letu. "Dada, hapa mmeandika 24. Mimi safari mbili za mwisho ni 30 na 33, na wenzangu vivyo hivyo. Hii 24 ni ya lini?"

Nilikwenda kuzipanga upya safari 40 za karibuni. Ya katikati ilikuwa imefika 29. Nilibadilisha namba jioni ileile na kuweka tarehe ya hesabu pembeni yake, na sasa kila baada ya miezi mitatu narudi kwa watu wa uendeshaji kuomba kumbukumbu. Meneja akiniona naingia mlangoni huwa anaguna kabla sijasema kitu.