Kuhamisha rekodi za wateja: mistari iliyokubaliwa ndiyo inayonitia wasiwasi

Mradi wangu wa jioni bado ni ule ule: kuhamisha rekodi za wateja wa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kutoka programu ya zamani iliyoandikwa kwa FoxPro kwenda hifadhidata ya PostgreSQL. Wauzaji wanaendelea kutumia mfumo wa zamani kama kawaida. Mimi nafanyia majaribio nakala ya faili lao, `WATEJA.DBF`.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka idadi. Faili linasema lina rekodi 4,218, lakini skrini ya dukani inaonyesha wateja 4,055. Hao 163 hawajapotea. Katika faili la DBF rekodi ikifutwa haiondoki, bali huwekewa alama ya nyota mwanzoni na kubaki palepale mpaka mtu atoe amri ya `PACK`. Ukitoa data kwa kifaa kisichojali nyota hiyo, unawafufua wateja ambao duka liliachana nao zamani. Kwa hiyo hesabu ninayoishikilia ni 4,055, na kila jaribio lazima lifunge hapo: waliokubaliwa jumlisha waliokataliwa, basi.

Ramani ya nyuga ilikuwa rahisi kwa sehemu kubwa. Jina la uga kwenye DBF halizidi herufi 10, kwa hiyo mengine yamekatwa katikati. `TAR_KUFUNG` inaweza kuwa tarehe ya kufungua akaunti au ya kuifunga. Niliona wateja wanaonunua hadi leo wana tarehe humo, karani wa duka akathibitisha ni ya kufungua. Tatizo ni kwamba uga huo ni wa maandishi, si wa aina ya tarehe, na watu waliandika siku, mwezi, kisha mwaka.

Hapa ndipo jaribio la kwanza lilinifundisha jambo. Niliingiza kila kitu kwanza kwenye jedwali la muda ambalo nyuga zake zote ni maandishi, ili mstari mmoja mbovu usiangushe kazi nzima. Kisha nikageuza tarehe nikiwa nimeiacha PostgreSQL na mpangilio wake wa kawaida, unaoanza na mwezi. Ikakataa mistari 2,391 kwa ujumbe huu:

```
ERROR: date/time field value out of range: "25/03/2012"
```

Sawa, hakuna mwezi wa 25. Mtu mwenye haraka angeichukua mistari hiyo 2,391, akairekebisha, akairudisha. Lakini tazama iliyopita. 03/04/2012 imeingia bila kelele ikawa Machi 4, wakati mteja alifungua akaunti Aprili 3. Kila siku ya mwezi kuanzia tarehe 1 hadi 12 inaweza kusomeka kama mwezi, na kwa mwaka hizo ni siku 144. Toa 12 ambazo siku na mwezi vinalingana, kama 05/05, unabaki na siku 132 katika 365 zinazogeuka kimyakimya. Kwangu, mistari 1,577 yenye tarehe ilikubaliwa, na 1,441 kati yake ilikuwa na tarehe isiyo yake. Mingine 87 haina tarehe kabisa. Ndiyo maana siku hizi kundi kubwa la waliokataliwa kwa sababu moja nalisoma kama dalili ya ugonjwa ulio pia kwa waliokubaliwa. Dawa ni kurekebisha kanuni na kuanza upya na wote:

```sql
to_date(tar_kufung, 'DD/MM/YYYY')
```

Baada ya hapo tarehe zilizokataliwa zilibaki 9 tu, zile zisizokuwepo kwenye kalenda, kama 31/06.

Simu nazo zina mtego wa Mombasa hasa. Msimbo wa zamani wa simu za mezani hapa ulikuwa 011 kabla ya kuwa 041, na siku hizi kuna namba za mkononi zinazoanza na 011. Kanuni inayosema "ikianza na 01 ni ya mkononi" itawapa wateja wa zamani namba zisizofika popote. Urefu ndio unaozitenganisha: ya mkononi ina tarakimu 10, ile ya mezani ya enzi hizo ni 011 na tarakimu sita, jumla tisa. Hizo za mezani nimezihifadhi kwenye uga wake, nje ya orodha ya kutumiwa ujumbe. Zilizokosa kanuni yoyote, 37, zimekataliwa. Ongeza namba za akaunti zilizojirudia, 22, na zile tarehe 9, jumla ni 68, nikihesabu kila mstari mara moja hata ukiwa na kasoro mbili. Waliokubaliwa ni 3,987. Hesabu imefunga.

Kufunga kwa hesabu hakunitoshi, nikachukua sampuli ya 300:

```sql
SELECT * FROM wateja
ORDER BY md5(namba_mteja || 'duru1')
LIMIT 300;
```

Napenda njia hii kuliko `random()` kwa sababu nikiirudia napata wateja walewale, na mtu mwingine anaweza kunikagua. Kila mmoja tulimlinganisha na skrini ya zamani pale dukani, si na faili la CSV nililolitoa. CSV ikiwa na kosa, hifadhidata mpya italirithi, na vyote viwili vitakubaliana vizuri sana.

Karani alikuwa anasoma, mimi natia alama. Akafika kwa mteja mmoja wa msimbo wa eneo `MT`, ambao karatasi ya duka inasema ni Mtwapa. Akasimama.

"Huyu si wa Mtwapa, mwanangu. Huyu simenti yake huvuka feri."

Kumbe `MT` ilianza kama Mtongwe. Duka lilipoanza kupeleka mizigo Mtwapa, mtu akautumia msimbo uleule bila kubadilisha ule wa Mtongwe. Mtongwe iko kusini, ng'ambo ya Likoni. Mtwapa iko kaskazini, kaunti ya Kilifi. Lori likifuata rekodi hiyo linaenda upande usio wake kabisa, na hakuna ukaguzi wa mashine ambao ungeikataa, maana msimbo ni halali na eneo lipo. Katika sampuli wenye `MT` walikuwa 14, na watano walikuwa wa Mtongwe. Sikurekebisha hao watano pekee. Tulitoa wote wenye msimbo huo, 171, karani akawapitia kwa kadi zao za karatasi, na sasa kila eneo lina msimbo wake.

Kisha nikachukua sampuli mpya ya 300 kwa kubadilisha neno `duru1` kuwa `duru2`, kwa kuwa ile ya mwanzo ilishasafishwa na isingesema ukweli kuhusu waliobaki. Safari hii hatukupata kosa. Kwa kanuni iitwayo "rule of three", yaani usipopata kosa hata moja unagawanya 3 kwa ukubwa wa sampuli, hapa 3 kwa 300, naweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi takriban asilimia 1. Katika wateja 3,987 hiyo bado inaruhusu hadi kama 40.

Kwa anwani naweza kuishi na hilo. Kwa madeni siwezi. Jumla ya madeni ya hao 3,987 inalingana hadi senti kwa pande zote mbili, lakini jumla haiwezi kuona madeni ya wateja wawili yaliyobadilishana. Kwa hiyo salio halitategemea sampuli: wiki ijayo nalinganisha moja kwa moja, kila namba ya akaunti ya zamani na mpya, wote 3,987, huku karani akiendelea na wale 68.