Nilivyozishika ristreto, lungo na makiato nyuma ya kaunta Bologna

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita mdogo wangu kaniuliza kwenye simu, eti ristreto, ile kahawa ya Kiitalia ya kikombe kidogo, ndo inayotiwa unga mwingi zaidi? Nikakumbuka hayo hayo maneno niliambiwa mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Bologna, Italia, nikayaamini, yakanitesa karibu mwezi mzima. Nimefanya kazi kwenye baa ya karibu na stesheni kwa miaka minne sasa (baa ya Italia ni mahali pa kahawa na mikate asubuhi, naeleza mapema maana mama yangu kule Tanga aliposikia nafanya kazi baa alininunia wiki nzima), kwa hiyo haya ninayosema nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kazi yenyewe ilivyo, asubuhi saa moja watu wanasimama mbele ya kaunta wamejipanga bega kwa bega, hakuna anayekaa, kila mtu anataka kikombe chake ndani ya dakika moja anywe aondoke akawahi treni. Na hawasemi sentensi. Mmoja anasema "kafe", mwingine "lungo", wa tatu "makiato kaldo", wa nne "ristreto in vetro", we unatakiwa uvishike vyote kichwani kwa mpangilio. Neno espreso husikii kabisa, ukisema kafe tu tayari ni espreso, kile kikombe kidogo kama cha kahawa chungu ya barazani kwetu, ila kimejaa nusu tu.

Sasa aliyenifundisha alikuwa kaka mmoja wa nyumbani Afrika Mashariki aliyenitangulia pale, mtu mwema kabisa, lakini kwenye hili alinipoteza. Aliniambia, "Dada, rahisi sana, ristreto unaongeza unga, lungo unatengeneza kafe ya kawaida halafu unajazia maji ya moto pale kwenye bomba la mashine, makiato unatia maziwa." Mambo matatu, mawili yakiwa makosa matupu.

Siku ya nne kaja mzee mmoja, mteja wa kila siku, kaomba lungo. Nikafanya nilivyoambiwa, nikatoa espreso, nikafungua bomba la maji ya moto, nikajazia. Mzee kaangalia kikombe kabla hata hajakigusa, kakisukuma kwangu taratibu, kasema, "Sinyorina, hii ni amerikano." Hakukasirika. Nikampa nyingine vile vile nikidhani nimezidisha maji, akaisukuma tena. Mara ya tatu mwenye baa akaja akaitengeneza mwenyewe, na mimi nimesimama pembeni naangalia sioni tofauti yoyote, kikombe kile kile, kiasi kile kile, rangi karibu sawa. Kilichoniuma ni kwamba mzee alijua kwa macho tu na mimi sikujua hata kwa kuonja.

Kesho yake nikafika saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla hatujafungua nikafanya jaribio ambalo mpaka leo kila msichana mpya akija pale namfanyisha. Nilichukua kichujio cha kikombe kimoja, kinachukua unga gramu 7, nikaweka vikombe vitatu tayari. Nikawasha mashine, zilipofika kama gramu 15 kwenye mizani nikatoa kikombe cha kwanza nikaingiza cha pili bila kuzima, zikadondoka kama 10 nyingine nikaingiza cha tatu, nikaacha zitoke 20 hivi ndo nikazima. Nilitumia mizani kwa sababu povu linadanganya macho, kikombe kinaonekana kimejaa kumbe nusu ni hewa. Kwa hiyo unga ni ule ule mmoja, maji ni yale yale ya mkupuo mmoja, nimeyakata vipande vitatu tu.

Kikombe cha kwanza kilikuwa kizito kama asali nyembamba, rangi ya kahawia iliyoiva, na ukali wake ni wa uchachu, unakamata pembeni mwa ulimi, huwezi kusema ni kichungu. Cha pili kilikuwa chepesi zaidi, kina utamu fulani, kama kimetulia. Cha tatu, jamani, maji ya njano yenye uchungu wa majivu, ule uchungu unaobaki kooni. Hapo ndo nikaelewa kumbe kahawa haitoi kila kitu kwa pamoja, inatoa kwanza uchachu na harufu na ule uzito, utamu unafuata, na uchungu mwingi ndo unakuja mwishoni maji yanapoendelea kukamua unga uliokwishachoka.

Basi majina yote yakajipanga. Ristreto maana yake iliyobanwa, ni kile kikombe cha kwanza peke yake: unga ule ule gramu 7, unakata mapema kwenye mililita 15 mpaka 20. Espreso ni cha kwanza na cha pili pamoja, karibu mililita 25 kwa sekunde 25 hivi. Lungo maana yake ndefu, ni vyote vitatu, unaacha maji yaendelee kupita kwenye unga mpaka 40 au 50. Hakuna kuongeza unga popote. Ukiongeza unga umetengeneza kitu kingine, doppio kwa mfano ni dozi mbili, gramu 14, vikombe viwili ndani ya kimoja.

Halafu nikarudia jaribio, safari hii kile kikombe cha tatu nikakimwaga nikaweka maji ya moto ya bomba kiasi kile kile, nikachanganya. Hiyo ndo amerikano ya yule mzee. Ina ladha ya espreso iliyozimuliwa, safi, haina ule uchungu wa mwisho. Lungo ina uzito tofauti mdomoni, inauma kidogo, na mtu aliyezoea huo uchungu ndo anaoutaka, ukimpa maji ya bomba ni kama mtu kaomba chai ya kuchemshwa jikoni ukampa ya kuzimulia na maji ya chupa. Na kuhusu macho, povu la lungo ni jembamba na jeupe jeupe lakini limefunika kikombe chote, wakati nilipomimina maji juu ya espreso povu lilipasuka likabaki visiwa visiwa. Mzee alikuwa anaona visiwa.

Jumatatu yake alipokuja nikaiacha mashine ipitishe maji kwenye unga mpaka mwisho, nikampa. Akanywa, akaweka kikombe, akaniuliza jina langu. Tangu siku hiyo akiingia haagizi, ananionyesha kidole tu.

Na hili la ristreto kuwa "kali ndo itakuamsha" nalisikia kila siku, hasa kwa wanafunzi wakati wa mitihani. Ni kali mdomoni kwa sababu ni nzito, lakini maji machache yamepita, kwa hiyo kafeini yote kwa jumla haizidi ya espreso, na lungo kwa kawaida inayo zaidi kidogo maana maji yamekamua muda mrefu. Ukitaka kukesha omba doppio.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kuangalia uzi wa kahawa unavyoshuka. Waitalia wanaita mkia wa panya, unatakiwa ushuke mwembamba, umepinda kidogo, rangi ya kahawia. Ukianza kuwa wa njano iliyopauka na kutetemeka, ujue umeshaingia kwenye kile kikombe cha tatu, kwa espreso ukate hapo hapo. Kitufe cha mashine kinahesabu maji tu, hakijui unga umesagwaje. Siku ya mvua unyevu ukiingia kwenye unga kahawa inashuka kwa kudondoka tone tone, sekunde 40 umepata mililita 15, mtu anadhani ni ristreto kumbe imeungua, inanuka kama karanga zilizozidi moto. Ristreto ya kweli ni mkono wa mtu ulioikata kwa wakati, sio mashine iliyoziba. Ikitokea hivyo legeza kisagio kidogo, utupe vikombe viwili vya kwanza, ndo uendelee.

Makiato sasa. Huku kwenye ubao inaandikwa kwa cch, ukiisoma kama ch ya chai watakuelewa lakini watakutazama. Maana yake yenye doa, na sisi tunalielewa doa vizuri: ni espreso iliyotiwa doa la maziwa. Doa! Sio nusu kwa nusu. Wengi wanaotoka nchi nyingine wamezoea makiato kubwa ya kikombe cha karatasi yenye maziwa na sharubati ya karameli, hapa wakipewa kikombe kidogo wanadhani wamepunjwa. Kaldo ni maziwa ya moto yaliyopigwa mvuke, kijiko kimoja au viwili vya povu juu. Fredo ni maziwa ya baridi, mara nyingi unampa mteja kijagi kidogo ajitilie mwenyewe. Kosa langu la mwanzo kwenye kaldo lilikuwa kupiga maziwa mpaka povu linakuwa kavu kama la sabuni, likidondoka linakaa juu kama kofia na halichanganyiki, mtu anakunywa kahawa tupu halafu anabaki na povu. Bora upige maziwa kidogo, yakishakuwa vuguvugu acha kuingiza hewa, zungusha jagi mpaka yang'ae.

Na mpangilio wa maneno unabeba maana. Late makiato ni maziwa ndo yametiwa doa la kahawa, glasi ndefu ya maziwa ya moto halafu kafe inamiminwa juu. Kinyume kabisa cha makiato. Ukisema late peke yake utaletewa maziwa, glasi ya maziwa, na mhudumu hajakosea.

Kichwani naziweka hivi: kwanza nasikiliza maji (ristreto, kawaida, lungo), pili maziwa (hakuna, kaldo, fredo), tatu chombo, maana "in vetro" ni kwenye kiglasi kidogo. Mtu akisema "lungo makiato fredo in vetro" sishtuki, nakata sehemu tatu mikono inaenda.

Utaratibu huo uliniokoa hata Trieste, mji mwingine wa Italia, nilikokwenda kushika zamu ya rafiki yangu siku mbili, maana kule wana majina yao. Espreso wanaita nero, nyeusi. Mteja wa kwanza kaniambia "kapo in bi". Kapo nilishaambiwa ni makiato ya kule. Nikajiuliza, maji kawaida, maziwa kaldo, kilichobaki ni chombo, na B ni herufi ya kwanza ya neno lao la glasi, bikyere. Nikamimina kwenye kiglasi, akachukua akanywa. Ila ukienda kule ukataka kapuchino kubwa ya Bologna, omba kafelate, ukisema kapuchino unaweza kuletewa kile kidogo cha kapo.