Kadi ya njano kwenye kaunta ya Nairobi, safari ya Mumbai

Tulitoka Mombasa na treni ya usiku tukiwa wanne: mama mmoja anayekwenda Mumbai kuendelea na matibabu ya saratani, mwanawe wa kiume wa kumsindikiza, mzee mmoja jamaa yao, na mimi niliyezoea kufuatana na wagonjwa wa njia hii. Ndege ilikuwa ya saa tatu usiku, tarehe 13 Machi. Viza zilikuwa tayari na mizigo imepimwa nyumbani. Kilichobaki ni ile kadi ya njano, cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo kwa safari ya India ina nguvu karibu sawa na pasi.

India haina homa ya manjano, lakini mbu anayeieneza, Aedes, yumo tele mijini mwake. Mgonjwa mmoja akiingia na virusi damuni anaweza kuwasha moto mahali ambapo watu wengi hawajachanjwa. Ndiyo maana anayefika kutoka nchi yenye hatari, na Kenya imo, akiwa hajamaliza siku 6 tangu aondoke huko, asipokuwa na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Hizo siku 6 ndizo kanuni za afya za kimataifa zinazohesabu kuwa muda wa ugonjwa kujificha mwilini kabla ya kuonyesha dalili.

Shirika la ndege halitaki kubeba mtu ambaye huenda likalazimika kumrudisha. Kwa hiyo kazi ya kukagua huanza Jomo Kenyatta, kaunta ya tiketi. Mhudumu huingiza uraia, anakotoka msafiri na anakokwenda kwenye mfumo uitwao Timatic, kisha husoma masharti ya afya yanayojitokeza. Hatafsiri, husoma tu. Ukibishana naye kwa maneno ya uliyemsikia kijijini, utapoteza muda. Ukimwomba kwa upole asome mstari mzima, mara nyingi mambo hunyooka.

Kijana alikuwa wa kwanza. Alichanjwa tarehe 4 Machi, na kwenye kadi daktari ameandika kwamba inaanza kutumika tarehe 14. Mhudumu akaitazama, akatazama saa, akasema, "Kaka, kadi yako ni halali, ila bado haijaanza." Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kutengeneza kinga. Tukamwonyesha saa ya kufika: kutoka Nairobi hadi Mumbai ni kama saa sita angani, na saa za India zimetangulia za kwetu kwa saa mbili na nusu, hivyo tungetua alfajiri ya tarehe 14. Anayeidai kadi ni nchi unayoingia, na yeye huihesabu siku unapofika. Mhudumu alimwita msimamizi wake, wakasoma tena, wakampa kijana kiti. Lau tungekata tiketi ya tarehe 11, hakuna hoja ambayo ingetusaidia. Kwa hiyo, ukikata tiketi, hesabu kuanzia siku ya sindano na uache siku kadhaa za ziada. Kushindana na kaunta usiku wa safari si mchezo wa kupendekeza.

Mzee naye alikuwa na kadi ya mwaka 2009, imechakaa kingo, na chini imeandikwa mwisho 2019. Hapa ndipo wengi huchanjwa mara ya pili bure. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano ni cha maisha yote ya mwenyewe, na hilo linahusu pia kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Hakuna anayetakiwa kubadilisha tarehe. Tena usithubutu kuikata ile ya 2019 na kuandika "maisha" juu yake, kwa maana kadi yenye kufutwa, kurekebishwa au sehemu iliyoachwa wazi inaweza kukataliwa yote. Mhudumu alikuwa analijua hilo, mzee akapita.

Nilizikagua kadi zote kabla hatujapanga foleni, na hicho ndicho ninachopendekeza mtu afanye mezani kwake. Jina liwe lile la pasi, herufi kwa herufi. Mwenyewe aweke sahihi. Kwa mtoto asiyejua kuandika, mzazi au mlezi humwekea, na kila mtoto awe na kadi yake. Mstari wa chanjo uonyeshe aina ya ugonjwa, tarehe (mwezi ukiandikwa kwa herufi, usichanganyike na siku), mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mhudumu wa afya pamoja na cheo chake, na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Kosa ninalolikuta zaidi ni muhuri mzuri mkubwa bila sahihi. Muhuri hauchukui nafasi ya sahihi. Kadi iliyojazwa kwa Kiswahili peke yake nayo haitoshi, lazima iwe kwa Kiingereza au Kifaransa.

Mama ndiye aliyechukua muda mrefu zaidi. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani hapewi. Badala ya chanjo alikuwa na barua ya daktari wake, kwenye karatasi yenye anwani ya hospitali, kwa Kiingereza, ikieleza kwamba kiafya hawezi kuchanjwa na kwa nini, ikiwa na sahihi na muhuri. Barua ya namna hii kanuni za kimataifa zinaitambua. Lakini haiwi sawa na chanjo: nchi inayopokea inaweza kumruhusu aingie na kumtaka aripoti homa yoyote, au ikamzuia hadi siku 6 zitimie. Hilo tulilijua tangu mwanzo, na ndiyo sababu hospitali ya Mumbai iliarifiwa mapema na miadi ya kwanza ikawekwa baada ya tarehe 19. Kaunta ilinakili barua, ikamtaka mama athibitishe kwamba anafahamu uwezekano wa kuzuiwa, ikampa kiti. Mwanawe alibaki na nakala mbili begini, ya asili akaishika mkononi, maana karatasi iliyokwenda na mizigo haisaidii kitu mbele ya daktari wa uwanja.

Mumbai, dawati la afya liko kabla ya uhamiaji. Kadi mbili zilipita kwa kutazamwa tu, pamoja na yangu. Kwa kadi ya kijana, afisa alihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani kutoka tarehe 4. Kwa mama, daktari alisoma barua, akampima joto, akauliza tumetoka Kenya lini na tutalala wapi, akaandika anwani na simu, akamwagiza alale chini ya chandarua, mchana pia kama atapumzika, kwa kuwa Aedes huuma mchana. Joto likipanda kabla ya siku 6, apige simu kwanza. Akatuachia.

Kurudi nyumbani hakuna mtu wa kukuuliza kadi kwa ajili ya homa ya manjano ukitoka India moja kwa moja, kwa sababu Kenya inaidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari, na India si mmojawapo.