Kurudisha data za iPhone kutoka kwenye kompyuta wakati nywila ya bakapu imesahaulika

Simu ilikuwa iPhone 11, kompyuta ni ya Windows yenye iTunes, na kilichopotea ni mazungumzo yote ya WhatsApp. Mwenye simu aliifuta programu ili apate nafasi, akaipakua tena, akakuta haina kitu. iCloud yake ya bure ya GB 5 ilikuwa imejaa zamani, kwa hiyo huko hakukuwa na nakala. Kilichobaki ni bakapu moja iliyofanywa kwenye kompyuta miezi miwili nyuma. Bahati nzuri, bakapu ya kompyuta hubeba mazungumzo ya WhatsApp hata kama hukuwahi kuwasha bakapu ndani ya WhatsApp yenyewe.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoichomeka simu. Watu wengi hukimbilia waya, na hapo ndipo data hupotea mara ya pili. Kwa kila simu iTunes ina folda moja tu ya bakapu. Ukichomeka simu na iTunes ikaanza kuhifadhi yenyewe, itaandika hali ya sasa juu ya ile ya zamani: mazungumzo ambayo kwenye simu hayapo yatatoweka na kwenye kompyuta. Kwa hiyo nilizima mtandao wa kompyuta, nikafungua folda hii kwa kuandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu cha dirisha la mafaili:

```
%APPDATA%\Apple Computer\MobileSync\Backup
```

Kama iTunes imetoka Microsoft Store, basi ni hapa:

```
%USERPROFILE%\Apple\MobileSync\Backup
```

Kwenye Mac ni `~/Library/Application Support/MobileSync/Backup`. Ndani utakuta folda yenye jina refu la herufi na namba, ambalo ni utambulisho wa simu. Nilinakili folda nzima kwenda kwenye diski ya nje bila kubadilisha jina wala kugusa faili lolote ndani yake. Ilikuwa GB 38, ikachukua karibu nusu saa. Ndani yake kuna faili `Info.plist` ambalo Notepad hulifungua vizuri. Tafuta `Last Backup Date` na `Product Version`, utajua bakapu ni ya tarehe gani na simu ilikuwa na toleo gani la iOS. Hayo mawili utayahitaji baadaye.

Ndipo nikafungua iTunes, simu ikiwa bado haijachomekwa, nikaingia `Edit > Preferences > Devices`. Orodha ya bakapu ikatokea, na pembeni ya ile moja kulikuwa na alama ya kufuli. Maana yake imefungwa kwa nywila. Mwenye simu akaapa kwamba hajawahi kuweka nywila yoyote. Karibu kila mtu husema hivyo, na hawadanganyi. Siku ya kwanza walitiki kisanduku cha `Encrypt local backup` bila kufikiri, wakaandika chochote kilichokuja kichwani, na hawakuulizwa tena. Wengine simu zao ni za kazini, na mipangilio ya ofisi ndiyo iliyolazimisha.

Hapa inafaa kuelewa nywila hii ni kitu gani, maana huchanganywa na nyingine. Haihusiani na nywila ya akaunti ya Apple, wala namba ya kufungulia simu, wala nywila ya kompyuta, ingawa huenda mtu alitumia neno lile lile. Inakaa ndani ya simu. Simu ndiyo inayofunga kila faili kabla halijapita kwenye waya, na kompyuta hupokea vitu vilivyokwisha kufungwa. Ndiyo maana kubadilisha kompyuta au kusakinisha iTunes upya hakusaidii. Apple hawana ufunguo wa akiba, na maelezo yao wenyewe yanasema wazi kwamba bakapu iliyofungwa hairudishwi bila nywila. Tangu iOS 10.2 hata `Manifest.db`, faili linaloorodhesha kilichomo, limefungwa, kwa hiyo huwezi hata kuchungulia majina ya mafaili.

Njia zilizobaki ni mbili: kukumbuka au kukisia. Kwenye Mac kuna ya tatu. Fungua `Keychain Access`, andika `backup` kwenye kutafuta, na kama siku ile mtumiaji alikubali nywila ihifadhiwe, utaikuta humo, uisome kwa nywila ya Mac. Windows haina msaada huo.

Tulianza na kukumbuka. Nilimwomba aandike kwenye karatasi namba zote za kufungulia simu alizowahi kutumia, nywila za zamani za akaunti ya Apple, ya barua pepe na ya kompyuta. Kuzijaribu hakuhitaji kurudisha chochote. Maadamu nakala iko salama kwenye diski ya nje, unachomeka simu na kubofya `Change Password` chini ya kisanduku cha usimbaji. Utaulizwa nywila ya sasa, ambayo ndiyo ile ile ya bakapu kama mipangilio haijafutwa tangu wakati huo. Ukikosea unaambiwa si sahihi, unajaribu tena. Tulimaliza karatasi nzima bila kitu.

Kukisia kwa mashine ni kugumu kwa makusudi. Kabla ya kulinganisha, kila neno husagwa mara milioni 10 kwa hesabu ndefu, kwa hiyo kompyuta ya kawaida hutumia sekunde kadhaa kwa neno moja. Tuseme una mashine yenye kadi kubwa ya picha inayojaribu maneno 100 kwa sekunde. Namba ya tarakimu 6 itamalizwa kwa chini ya saa 3. Lakini herufi ndogo 8 zilizopangwa ovyo ni michanganyiko zaidi ya bilioni 208, ambayo kwa kasi hiyo hiyo ni kama miaka 66. Programu zinazotangazwa kwamba zinafungua bakapu yoyote zinafanya kukisia huku huku, tofauti ni kwamba zimevishwa vitufe vizuri na bei.

Kinachookoa ni kumjua mwenye nywila. Huyu alikuwa na mazoea: jina la mmoja wa watoto wake wanne, mwaka, halafu mara nyingine alama mwishoni. Nikatengeneza orodha: kila jina kwa maandishi ya aina tatu (herufi ndogo zote, kubwa mwanzoni, kubwa zote), miaka 13 kuanzia 2010 hadi 2022, na mwisho wa aina nne (bila alama, `!`, `@`, `#`). Jumla ni maneno 624. Kisha nikanakili `Manifest.plist` kutoka kwenye diski, maana ndilo lenye vitu vinavyohitajika kupima nywila, nikavitoa kwa hati ya perl na kuvipitisha kwa hashcat, programu ya kukisia nywila:

```
perl itunes_backup2hashcat.pl Manifest.plist > hashi.txt
hashcat -m 14800 hashi.txt maneno.txt
```

Namba 14800 ni ya bakapu za iOS 10 na kuendelea. Za kabla ya hapo ni 14700. Tumia dirisha la `cmd`, si PowerShell ile inayokuja na Windows, kwa sababu alama ya `>` humo huandika faili kwa usimbaji wa herufi ambao hashcat haiusomi, na utapewa kosa linalokufanya udhani bakapu imeharibika. Kompyuta ile dhaifu ilitumia takriban sekunde 5 kwa neno, kwa hiyo orodha nzima ilikuwa chini ya saa moja. Neno lilipatikana kabla haijaisha: jina la mtoto wa pili kwa herufi kubwa zote. Huenda `Caps Lock` ilikuwa imewaka siku ile.

Kurudisha kwenyewe kuna mitego michache. Bakapu haichanganywi na kilichopo. Inafuta simu na kuirudisha ilivyokuwa siku ile. Kwa hiyo kwanza nilinakili picha za miezi miwili ya karibuni kwenda kwenye kompyuta, nikafanya bakapu ya hali ya sasa, nikaihamishia folda yake pengine. Kisha nikarudisha ile ya zamani mahali pake kwa jina lake la asili. Nikazima `Find My iPhone`, maana bila hivyo iTunes inakataa kuanza. Nikalinganisha `Product Version` na iOS ya simu: simu lazima iwe na toleo lile lile au jipya zaidi, vinginevyo unaambiwa programu ya simu ni ya zamani mno. Baada ya hapo ni `Restore Backup`, kuchagua tarehe na kuandika nywila.

Mstari ukifika mwisho na simu kuwaka usichomoe. Bakapu hubeba data za programu, lakini programu zenyewe hupakuliwa upya kutoka App Store, na hapo bando huliwa hasa. Tafuta Wi-Fi ya mtu. WhatsApp iliposhuka iliomba namba ithibitishwe kwa meseji, kisha mazungumzo yakatokea hadi ya siku ya bakapu. Yale ya siku 4 tangu aipakue upya hayakuwemo, na alikuwa amekubali hilo mapema. Kufuli pia lilileta faida yake: nywila za tovuti, za Wi-Fi na takwimu za afya zilirudi, vitu ambavyo bakapu isiyofungwa haivibebi. Ila picha zingekuwa kwenye iCloud Photos au meseji kwenye Messages in iCloud, visingekuwemo kabisa kwenye bakapu ya kompyuta, ifunguke isifunguke.

Kama neno lisingepatikana, bakapu ile ingebaki imefungwa, na ningemshauri asiifute, maana watu hukumbuka baada ya mwaka. Simu yenyewe ingeweza kuondolewa nywila, kuanzia iOS 11. Kwenye iOS 15 na kuendelea njia ni `Settings > General > Transfer or Reset iPhone > Reset > Reset All Settings`, halafu namba ya kufungulia simu. Picha, meseji na programu hubaki. Zinazoondoka ni nywila za Wi-Fi, mpangilio wa skrini, kadi za Apple Pay na mipangilio ya faragha, pamoja na nywila ya bakapu. Kitufe cha `Erase All Content and Settings` kiko jirani sana na hicho ndicho kinachofuta kila kitu, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kugusa. Bakapu mpya utakayofanya baada ya hapo itakuwa na nywila mpya, au haitakuwa nayo, lakini hatua hiyo haigusi bakapu ya zamani hata kidogo. Nimeshaona mtu akifuta mipangilio, kisha akakasirika kwamba bakapu ya mwaka jana bado inaulizia nywila. Ile ilifungwa siku ilipofanywa, na simu haina tena namna ya kuifikia.