Maiki iliyokataa kusema

Jana usiku hapa Ujiji nilikuwa natengeneza maiki ya madrasa ya mtaani kwetu. Nikabadilisha kapsuli, kile kidude cha ndani kinachopokea sauti, nikaiunga moja kwa moja kwenye amplifaya: kimya. Nikaupa mguu wa sauti volti 3 za betri mbili, hasi nikaiweka kwenye mguu ulioungana na gamba. Bado kimya.

Niliumia kichwa sana hapo. Utando wa ndani una chaji yake ya kudumu. Inayotaka umeme ni transista iliyofichwa nyuma yake. Sauti ikitikisa utando, mkondo unaopita kwenye transista unapanda na kushuka. Lakini betri ilikuwa imeshikilia volti 3 palepale, sasa amplifaya isikie nini?

Nikaweka rezista ya kilo-om 2.2 kati ya chanya na mguu ule. Mkondo ukibadilika, volti za mguuni nazo zinabadilika. Multimita ikasoma volti 2.3 mguuni, maana yake 0.7 zimeishia kwenye rezista, mkondo kama miliampia 0.3. Ingesoma 3 kamili, ningejua mkondo haupiti. Sauti nikaipitisha kwenye kapasita ya maikrofaradi 1, ili volti za betri zisiingie kwenye amplifaya.

Nikasema "bismillahi", spika ikaitika.